Toleo, wiki na bei: jinsi ya kuuza mtandaoni vitabu vya masomo ulivyomaliza kutumia

Mwanafunzi anayetafuta kitabu kilichotumika huwa tayari ana orodha mkononi. Kwenye orodha hiyo pana jina la kitabu, mwandishi na namba ya toleo, na kama ulichonacho hakilingani nayo ataendelea kutafuta kwingine hata ukimpunguzia nusu ya bei. Tena muda wake ni mfupi. Orodha hutoka wiki chache kabla ya muhula, na baada ya wiki mbili tatu za masomo kila aliyetaka kitabu ameshakipata au ameamua kuendelea bila hicho kitabu.

Ndiyo maana bei uliyolipa wewe wakati unakinunua haina uzito mkubwa hapa. Yanayopanga bei ni mambo matatu kwa mfuatano huu: toleo ulilonalo, hali ya nakala yako, na umebakiza wiki ngapi muhula ufunguliwe. Wauzaji wengi huanza na bei, kisha wanashangaa kwa nini tangazo limekaa mwezi mzima. Fuata hatua zilizo hapa chini kwa mpangilio wake, kwa sababu kila moja inategemea jibu la ile iliyotangulia.

Hatua ya 1: Jua hasa una kitabu gani

Usitegemee jalada. Fungua ukurasa wa hakimiliki, ambao mara nyingi uko nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Humo utakuta mwaka, mchapishaji, toleo na namba ya ISBN.

Kosa linaloleta ugomvi kuliko mengine yote ni kuchanganya toleo na chapa. Toleo jipya maana yake maandishi yamebadilishwa: sura zimeongezwa au kuondolewa, mazoezi yamepangwa upya, takwimu zimesahihishwa. Chapa mpya maana yake mchapishaji aliishiwa nakala akarudia kuchapa kitabu kilekile. Kitabu kinaweza kuwa toleo la pili lililochapwa mara ya sita, na muuzaji akiiona ile sita anaandika "toleo la 6" kwa nia njema kabisa. Mnunuzi akipokea mzigo anaurudisha. Kwenye vitabu vingi utaona pia mstari wa tarakimu kama huu:

```
10 9 8 7 6 5 4 3
```

Tarakimu ndogo kuliko zote kwenye mstari huo ndiyo namba ya chapa. Hapo ni chapa ya tatu, na mstari huo haukwambii lolote kuhusu toleo. Mwaka nao unaweza kukupotosha, kwa kuwa ukurasa mmoja huorodhesha miaka ya chapa zote. Tafuta mwaka ulioandikwa pamoja na toleo.

Kisha nakili ISBN. Vitabu vilivyotoka tangu 2007 vina namba yenye tarakimu 13 inayoanza na 978 au 979. Vya kabla ya hapo vina tarakimu 10, na ya mwisho yaweza kuwa herufi X. Kama una ile ya tarakimu 10 na unatafuta kitabu hichohicho kwa namba ndefu, usiweke tu 978 mbele ukadhani umemaliza. Tarakimu ya mwisho huwa ya ukaguzi na hukokotolewa upya, kwa hiyo inaweza kubadilika. Tarakimu 9 za mwanzo ndizo zinazobaki vilevile.

Kila toleo lina ISBN yake, na hata toleo hilohilo likiwa na jalada gumu hupewa namba tofauti na la jalada laini. Hiyo ndiyo faida ya namba hii: mnunuzi akiilinganisha na iliyo kwenye orodha yake, maswali mengi yanaisha kabla hayajaulizwa. Ila angalia jambo moja. Kitabu kilichouzwa kama seti, pamoja na kitabu cha mazoezi au msimbo wa mtandaoni, huweza kuwa na namba ya seti kwenye karatasi ya nje na namba nyingine ndani. Kwenye tangazo weka ile iliyo kwenye ukurasa wa hakimiliki ya kitabu unachouza.

Kabla hujaendelea, kagua kama nakala yako ni ya aina ya pekee. Toleo la kimataifa linaweza kuwa na sura zilezile lakini mazoezi yaliyopangwa tofauti na ya toleo la kawaida, basi liseme hivyo na liuze kwa bei ya chini. Nakala ya mwalimu ina majibu na mara nyingi imegongwa muhuri kwamba haiuzwi, na majukwaa mengi huyaondoa matangazo ya nakala hizo. Kitabu kilichotolewa kopi na kubandikwa jalada usikiuze hata kidogo, wala usiuze faili la kitabu ulilolipiga picha mwenyewe. Haki ya kuuza nakala halisi uliyoinunua haikupi haki ya kuuza nakala ulizozitengeneza.

Hatua ya 2: Ona kama toleo lako bado linahitajika

Tafuta orodha ya vitabu ya muhula unaokuja, siyo ya muhula uliosoma wewe. Kama haijatoka, waulize wanafunzi wanaoingia somo hilo, au angalia muhtasari wa somo wa mwaka uliopita na umuulize mwalimu swali moja fupi: muhula ujao tunatumia toleo lipi, na je, toleo lililotangulia linakubalika? Jibu la swali la pili lina thamani kubwa kwako. Mwalimu akikubali toleo la zamani, andika kwenye tangazo kwamba somo fulani limelikubali. Asipolikubali, usimfiche mnunuzi.

Hapo kitabu chako kitaangukia moja ya makundi matatu: ni toleo linalotumika sasa, limepitwa na toleo moja, au limepitwa na mawili na zaidi.

Kundi la kati ndilo lenye kazi, na ndilo ambalo wauzaji hulipoteza kwa kuliuza bei ya kutupa au kwa kuling'ang'ania kwa bei ya kitabu kipya. Thamani yake inategemea somo. Hisabati za msingi, fizikia ya mwanzo, sarufi na falsafa hazibadiliki kiasi cha kukifanya kitabu cha miaka minne iliyopita kuwa cha uongo. Kinachobadilika hapo ni mazoezi. Mwalimu akisema "fanyeni swali la 23 sura ya 5", mwenye toleo la zamani anajikuta anafanya swali jingine. Kwa upande mwingine, sheria ya kodi, dozi za dawa na programu za kompyuta hubadilika kwa kweli, na toleo lililopitwa linaweza kumpa msomaji jibu lisilo sahihi. Kwa masomo ya aina hiyo usilisukume toleo la zamani kwa bei yoyote ile. Mtu atakayelitegemea ataumia.

Kulinganisha matoleo mawili hakuchukui zaidi ya nusu saa, na hakuna kazi inayolipa zaidi kuliko hiyo. Wachapishaji wengi huweka yaliyomo kwenye tovuti zao, na maktaba au rafiki anaweza kuwa na toleo jipya. Weka yaliyomo ya matoleo yote mawili kando kwa kando, hesabu sura zilizobaki na kichwa kilekile, kisha fungua mazoezi ya sura tatu: ya mwanzoni, ya katikati na ya mwishoni. Angalia maswali mangapi yamebaki na namba yake. Andika matokeo kwa sentensi mbili kwenye tangazo. Mnunuzi mwenye pesa kidogo anataka kujua hilo hasa, na ni wauzaji wachache wanaomwambia.

Kwa vitabu vya shule za msingi na sekondari, kinachoua thamani ni mtaala kubadilika kuliko toleo. Mtaala mpya kwa kawaida huingia darasa kwa darasa, mwaka hadi mwaka. Ukisikia darasa la chini yako limeanza na vitabu vipya, ujue vyako vina msimu mmoja au miwili ya kuuzika, kisha vitakosa mnunuzi kwa mara moja. Vya darasa litakalofuata kubadilika ndivyo vya kuuza kwanza.

Hatua ya 3: Kagua nakala ukurasa kwa ukurasa

Geuza kurasa zote mara moja. Unatafuta ukurasa uliokosekana, uliochanika hadi kwenye maandishi, mazoezi yaliyojazwa kwa kalamu ya wino, na mgongo ulioachia gundi. Ukifungua kitabu katikati na kurasa zikainuka kama zinataka kutoka, sema hivyo na upige picha. Kitabu kilichoshonwa kwa uzi huvumilia miaka mingi kuliko kilichobandikwa gundi tu, na mnunuzi anayejua hili ataliulizia.

Kunusa nako ni sehemu ya ukaguzi. Harufu ya unyevu pamoja na madoa ya kijivu au meusi kwenye kingo ni kuvu, na kuvu huhamia kwenye vitabu vingine vilivyopangwa navyo. Nakala hiyo haiuzwi. Madoa ya kahawia yaliyotokana na umri ni jambo jingine, hayana madhara, ila yaonyeshe.

Mistari ya penseli ifute kwa kifutio laini, ukianzia katikati ya ukurasa kuelekea ukingoni ili karatasi isikunjamane. Rangi ya kukoleza maandishi haifutiki, basi hesabu imegusa sura ngapi. Kama kuna msimbo wa kufungulia mazoezi ya mtandaoni, karibu kila mara hutumika mara moja tu. Ukishakwaruzwa au kutumika, andika wazi kwamba haupo. Pale somo linapotoa alama kwa kazi za kwenye mfumo huo, mnunuzi atalazimika kununua msimbo peke yake, na gharama hiyo lazima uitoe kwenye bei yako kabla hujaanza kupunguza lolote.

Hatua ya 4: Panga bei ya kuanzia

Bei ya kwanza ya kuitafuta ni ile ambayo mnunuzi angelipa leo kwa kitabu kipya hadi kimfikie mkononi. Usichukue bei iliyochapwa kwenye jalada, maana huenda kinauzwa kwa punguzo mahali pengine. Kama kuna toleo la kielektroniki au huduma ya kukodi kitabu kwa muhula, bei hizo pia ni dari yako: hakuna atakayekulipa wewe zaidi kwa nakala iliyotumika.

Tuiite bei hiyo ya kipya 100, sarafu iwe yoyote. Makadirio haya ni mazuri ya kuanzia, nawe utayasogeza kadiri ya soko lako:

- Toleo linalotumika sasa, hali nzuri: 60 hadi 65.
- Lililopitwa na toleo moja, somo lisilobadilika sana: 25 hadi 35.
- Lililopitwa na toleo moja, mazoezi yamepangwa upya kote: 15 hadi 20.
- Lililopitwa na matoleo mawili au zaidi: 5 hadi 10, na mara nyingi ni bora kulitoa kama nyongeza kwenye kitabu kingine.

Kisha toa kwa ajili ya hali. Rangi ya kukoleza kwenye sura chache, toa sehemu ya kumi. Rangi kitabu kizima au mgongo uliolegea, toa robo. Mazoezi yaliyojazwa kwa wino kwenye kitabu ambacho kazi yake ni mazoezi, toa nusu au usiuze.

Mwisho, linganisha na matangazo ya wengine, lakini kwa uangalifu. Bei unayoiona kwenye tangazo lililo hewani ni bei ambayo bado haijapata mtu. Kama jukwaa linaonyesha vitu vilivyokwisha uzwa, tumia hizo. Kama halionyeshi, weka alama kwenye matangazo matatu manne ya kitabu chako uyarudie baada ya siku tano. Yaliyoondoka yalikuwa na bei inayokubalika, na yaliyobaki yanakuonyesha pa kutofika.

Hatua ya 5: Fuata kalenda ya muhula

Hesabu wiki kutoka siku ya kufungua kurudi nyuma.

Mara tu baada ya mitihani kila mtu anauza na karibu hakuna anayenunua. Bei za wakati huo ni za chini kwa sababu ya wingi wa vitabu, siyo kwa sababu ya ubovu wake. Mwenye nafasi ya kuvihifadhi mahali pakavu na asubiri. Kuna hali mbili za kutosubiri: toleo jipya limetangazwa kwamba litatoka kabla ya muhula ujao, au somo hufundishwa mara moja tu kwa mwaka na kulishika kitabu kungekupitisha kwenye mwaka mzima ambao toleo linaweza kubadilika. Hapo uza haraka, hata kwa bei ya chini kidogo, maana siku mwalimu atakapotaja toleo jipya kwenye orodha, chako kitashuka kutoka sitini na kitu hadi thelathini papo hapo.

Wiki ya 6 hadi ya 4 kabla ya kufungua, orodha zinaanza kutoka. Weka tangazo sasa. Wanunuzi wa wakati huu ni wachache lakini wamejipanga, wanasoma maelezo yote, na wanaagiza kutoka mbali. Bei iwe ya juu ya makadirio yako, na uache nafasi ndogo ya kupatana.

Wiki ya 3 hadi siku ya kufungua ndiyo yenye wanunuzi wengi. Toleo linalotumika sasa usilishushe bei hapa hata ukipata ujumbe wa kubembeleza kila siku. Anayekuambia "mwingine ananiuzia kwa nusu" angekuwa ameshakinunua. Toleo lililopitwa ndilo la kushusha kidogo, kwa kuwa mnunuzi wake anachagua kati yako na kujibana ili anunue jipya. Kumbuka pia muda wa usafirishaji: kama mzigo unachukua siku tano, basi siku tano kabla ya kipindi cha kwanza soko lako la mbali limekwisha, na kilichobaki ni wanaoweza kuja kuchukua.

Wiki ya 1 na ya 2 baada ya kufungua kuna wimbi la pili ambalo wauzaji wengi hawalijui. Wapo wanaongoja kumsikia mwalimu kwanza, wapo waliobadilisha masomo, na wapo waliopata fedha za ada na matumizi kwa kuchelewa. Wanataka kitabu leo. Andika mwanzoni mwa tangazo kwamba kinapatikana siku hiyohiyo na utaje mahali pa kukutania. Kwa upesi huo, bei ya kabla ya kufungua bado inashika.

Wiki ya 3 shusha kwa asilimia kumi na tano hivi, wiki ya 4 shusha tena. Baada ya hapo kinachokuja ni wale walioanguka jaribio la kwanza, nao ni wachache.

Mfano mmoja, hesabu yake yote

Tuchukue kitabu cha fizikia ya mwaka wa kwanza. Somo linatumia toleo la 7, na kipya kinafika mkononi kwa 100. Muuzaji ana toleo la 6, jalada laini, rangi ya kukoleza kwenye sura ya 1 hadi ya 3, msimbo umeshatumika lakini somo haliutumii.

Amelinganisha yaliyomo: sura 14 kati ya 15 zina kichwa kilekile, na moja imegawanywa. Kwenye mazoezi ya sura tatu alizokagua, karibu theluthi ya maswali yamebadilishwa namba. Mwalimu amesema toleo la 6 linafaa kwa kusomea, ila maswali ya nyumbani yatachukuliwa kutoka la 7. Hapo kuna pa kuanzia: 30. Anatoa sehemu ya kumi kwa sababu ya rangi, anabaki na 27. Hiyo ndiyo bei anayoitarajia, kwa hiyo anatangaza kwa 30 ili apatane.

Sasa gharama. Jukwaa lake linakata 10 kwa mia, usafirishaji wa kitabu kizito ni 8, na kufungasha ni 1. Akiuza kwa 27 na yeye ndiye anayelipa usafirishaji, anabaki na 27 − 2.7 − 8 − 1 = 15.3. Akimkabidhi mnunuzi mkono kwa mkono anabaki na 24.3. Tofauti ya 9 kwenye kitabu cha 27 ni kubwa mno, kwa hiyo anaandika kwamba mnunuzi wa mbali atalipia usafirishaji mwenyewe. Bei ya mwisho anayoweza kuikubali anaiweka 18, kwa makabidhiano ya ana kwa ana tu.

Ratiba yake inakuwa hivi. Wiki ya 5 kabla ya kufungua anatangaza kwa 30. Wiki ya 2 kabla, kama wameuliza watu lakini hakuna aliyenunua, anashuka 27. Anashikilia 27 hadi mwisho wa wiki ya pili ya masomo, kisha 23, kisha 18. Wameuliza watu, hilo ndilo la kuangalia. Tangazo lililotazamwa na kuulizwa bila mtu kununua lina tatizo la bei. Lisilotazamwa kabisa lina tatizo la kichwa cha habari: huenda jina la somo au ISBN haipo, au toleo limeandikwa vibaya, na kushusha bei hakutasaidia.

Angekuwa na toleo la 7 safi, angetangaza kwa 68, akakubali 65, na asingegusa bei hiyo hadi wiki ya 3 ya masomo.

Hatua ya 6: Andika tangazo linalojibu maswali mapema

Kichwa kiwe na jina la kitabu, mwandishi, toleo na somo, kwa mpangilio huo. Mnunuzi huandika jina la somo kwenye kisanduku cha kutafutia kuliko anavyoandika jina la mwandishi, kwa hiyo msimbo wa somo usiukose. Maelezo yawe mafupi namna hii:

"Toleo la 6, jalada laini. ISBN ipo kwenye picha ya pili. Somo linatumia toleo la 7. Sura 14 kati ya 15 zina kichwa kilekile, theluthi ya mazoezi imebadilishwa namba. Rangi kwenye sura ya 1 hadi ya 3, kurasa zote zipo, msimbo umetumika. Kinapatikana leo."

Picha tano zinatosha: jalada la mbele, ukurasa wa hakimiliki unaosomeka, mgongo, ukurasa mmoja wenye rangi nyingi kuliko yote, na kingo za kitabu kikiwa kimefungwa. Piga mchana karibu na dirisha bila taa ya simu, kwa sababu mwanga wa simu hung'aa kwenye jalada na kufanya maandishi yasisomeke. Usitumie picha ya mchapishaji. Mnunuzi akiiona hudhani huna kitabu mkononi.

Vifaa vingine vya shule

Vikokotoo, makoti ya maabara na seti za kuchorea havina toleo, lakini vina kalenda yake. Koti la maabara huuzika zaidi wiki ya maabara ya kwanza kuliko kabla ya kufungua, kwa kuwa ndipo mwanafunzi anapoambiwa haingii bila koti. Fua, piga pasi, na taja vipimo vya kifua na urefu kwa sentimita, maana herufi za saizi hutofautiana kati ya watengenezaji.

Kikokotoo kina misimu miwili: wiki za kufungua na wiki chache kabla ya mitihani. Taja namba kamili ya modeli iliyoandikwa juu yake, kwani bodi za mitihani huruhusu baadhi ya modeli na kukataza nyingine, na tofauti inaweza kuwa herufi moja. Fungua mahali pa betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, betri ilivuja, na kifaa kinachowaka leo kinaweza kuzima ndani ya chumba cha mtihani. Safisha, jaribu kila kitufe, na kama bado kinasitasita usikiuze. Futa kumbukumbu yake kabla hujakikabidhi. Sare za shule uziweke pamoja kama seti ya rika moja, na uondoe jina la mtoto lililoshonwa ndani.

Hatua ya 7: Malipo na makabidhiano

Usitoe kitabu kwa kuonyeshwa ujumbe au picha ya malipo kwenye simu ya mnunuzi. Fungua akaunti yako mwenyewe uone salio limeongezeka. Anayedai amekutumia fedha zaidi kwa bahati mbaya na anataka urudishe ziada, mwambie asubiri hadi fedha zithibitike, na usitume chochote kabla ya hapo. Kutana mahali pa wazi mchana, kama maktaba au lango la chuo.

Kwa kusafirisha, funga kitabu kwenye plastiki kwanza, kisha weka kadibodi pande mbili ikitokeza sentimita moja kupita kingo. Kitabu kizito kikianguka huumia pembe, na pembe zilizobonyea ndizo malalamiko ya kwanza ya mnunuzi. Piga picha ya mzigo kabla ya kuufunga. Kama umeahidi kurudisha fedha, weka muda wa siku tatu tangu kupokea na sharti la toleo kutolingana au ukurasa kukosekana. Bila sharti hilo, wapo watakaosoma hadi jaribio likapita ndipo warudishe.

Vilivyobaki baada ya wiki ya 4 vitenganishe. Toleo linalotumika sasa lihifadhi hadi muhula ujao wa somo hilo, uliweke mahali pakavu likiwa limesimama wima. Lililopitwa liunganishe na kitabu cha mazoezi au muhtasari uliouandika mwenyewe, uuze kwa bei moja ya pamoja. Lililopitwa na mawili liulizie kwenye maktaba ya shule au kwa kundi la wanaojisomea, na kama ni la sheria, dawa au programu, lipeleke kwenye karatasi za kuchakatwa.